Alama Iliyobadilisha Kitenzi: Uchambuzi wa Uhakiki wa Karatasi ya Mazoezi ya Kifaransa, Kigoma

## Usuli

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya sekondari ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Majina ya wahusika na ya shule yameondolewa, na baadhi ya sentensi za karatasi yenyewe zimepunguzwa bila kubadilisha makosa yaliyokuwamo. Mwandishi wa uchambuzi huu ndiye aliyeombwa kuhakiki karatasi hiyo kabla haijadurufiwa.

Mwalimu wa somo ni mtu mzima aliyeishi ng'ambo ya ziwa kwa muda mrefu na kujifunza Kifaransa kwa kusikia na kuzungumza kabla ya kukisoma darasani. Si jambo la ajabu hapa Kigoma, kwa kuwa Bujumbura, Uvira na Kalemie ziko kwenye ziwa hilo hilo, na wafanyabiashara wa mawese, vitenge na dagaa huvuka huku na huko wakizungumza Kiswahili, Kiha, Kirundi na Kifaransa katika siku moja. Kifaransa chake cha mdomo ni kizuri kuliko cha walimu wengi waliokipata chuoni, pamoja na mimi. Ufasaha huo huo ndio unaofafanua sehemu kubwa ya kilichotokea.

Karatasi ilikuwa ya Kidato cha Tatu, mikondo miwili, na ilihusu wakati uliopita ambao Wafaransa huuita passé composé. Wakati huu huundwa kwa vipande viwili: kitenzi kisaidizi, ambacho ni avoir au être, kikifuatiwa na umbo timilifu la kitenzi kikuu. Kwa mfano, il a mangé ni "alikula", na elle est partie ni "aliondoka", kwa mwanamke. Sehemu A ilikuwa na sentensi kumi za kujaza, kila moja ikiwa na kitenzi kwenye mabano. Sehemu B ilikuwa aya fupi ya kusoma, ambayo haikuwa na tatizo la kuzungumziwa hapa. Sehemu C ilikuwa aya kuhusu Livingstone na Stanley yenye agizo la kutafuta makosa matano na kuyasahihisha. Majibu yaliandikwa kwenye karatasi ya pekee.

## Mambo yalivyofuatana

Mwalimu aliandika karatasi kwa mkono na kuipeleka steshenari ya karibu na shule. Dada aliyeichapa hajui Kifaransa, na kompyuta yake ilikuwa imewekwa katika Kiingereza, kwa hiyo alifanya alichoweza: pale alipoona alama juu ya herufi aliweka é, na pale alama ilipokuwa ndogo au imefifia aliiacha. Kwa kuwa programu ililipigia mstari mwekundu karibu kila neno, mistari hiyo haikumwambia mtu yeyote lolote.

Karatasi iliporudi, mwalimu aliisoma kwa sauti, sentensi moja baada ya nyingine, akaridhika. Mwalimu mwingine wa idara ya lugha aliipitia akiwa na kalamu nyekundu na kurekebisha neno moja katika Sehemu C. Baada ya hapo ndipo ilipoletwa kwangu, ikiwa imesindikizwa na maneno mafupi: "Mwalimu, nitazamie herufi tu, sarufi iko sawa."

Niliomba vitu viwili kabla ya kuanza: nakala ya kwanza iliyoandikwa kwa mkono, na orodha ya makosa matano yaliyokusudiwa katika Sehemu C. Ya kwanza ilikuwapo. Ya pili haikuwapo kwenye karatasi yoyote. Mwalimu aliyajua makosa hayo kichwani, na ilibidi tukae pamoja ayataje moja moja huku nikiyaandika.

Sikuanza na herufi kama nilivyoombwa. Nilianza na karatasi ya majibu pamoja na mfano uliokuwa juu ya Sehemu A, kwa sababu mwanafunzi huunakili mfano katika kila jibu, na mwalimu husahihisha kwa kufuata majibu. Kosa lililo katika sehemu hizo mbili huzaa makosa mengine mengi. Mfano ulisomeka hivi:

Papa (acheter) du sucre. → Papa a acheter du sucre.

Inavyotakiwa ni Papa a acheté du sucre. Acheter ni umbo la msingi, "kununua". Acheté ni umbo timilifu linalofuata kitenzi kisaidizi. Mwanafunzi makini ambaye angeufuata mfano huo angekosa karibu kila sentensi yenye kitenzi cha kundi la -er, na angekosa kwa utii.

Katika majibu ya Sehemu A nilikuta matatizo ya aina tatu, nayo yanastahili kutenganishwa kwa sababu kila moja lina chanzo chake.

Aina ya kwanza ni ile ya mfano wenyewe. Sentensi ya tatu, Ma sœur (manger) des bananes, ilijibiwa a manger badala ya a mangé. Sentensi ya nne, Mes tantes (monter) dans le bateau à Kibirizi, ilijibiwa sont monté badala ya sont montées, kwa kuwa kitenzi kinachotumia être hupatana na kiima, na hapa kiima ni shangazi, wanawake, tena zaidi ya mmoja. Manger, mangé, monté na montées vyote humalizikia kwa sauti moja mdomoni. Ndiyo maana usomaji wa kwa sauti ulipita bila kugusa kitu.

Aina ya pili ni umbo ambalo halipo katika lugha. Sentensi ya kumi, Nous (prendre) le train de Tabora, ilijibiwa avons prendu. Umbo sahihi ni avons pris. Kosa hili lina mantiki yake: vendre hutoa vendu, attendre hutoa attendu, kwa hiyo mtu hudhani prendre itatoa prendu. Mwalimu alipoliona alicheka mwenyewe, kwa sababu akizungumza husema pris bila kufikiri. Umbo hilo lilimtoka alipokuwa akiandika haraka akifuata kanuni aliyotoka kuifundisha ubaoni.

Aina ya tatu ndiyo nzito zaidi. Sentensi ya tisa ilikuwa Mon oncle (descendre) les sacs du camion, "Mjomba aliteremsha magunia kutoka kwenye lori", na jibu lilikuwa est descendu. Darasa lilikuwa limefundishwa orodha ya vitenzi vya kwenda na kurudi ambavyo huchukua être: aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, monter, descendre, rester, tomber, naître, mourir na wenzao. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. Monter, descendre, sortir, rentrer, retourner na passer vikiwa na yambwa, yaani kitu kinachotendwa moja kwa moja, hubadilika na kuchukua avoir. Mjomba akishuka mwenyewe, ni il est descendu. Akishusha magunia, ni il a descendu les sacs. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kulionea hili ugumu, kwa kuwa sisi tunabadilisha kitenzi chenyewe: kushuka na kushusha, kupanda na kupandisha, kutoka na kutoa. Kifaransa hubakiza kitenzi kile kile na kubadilisha kisaidizi.

Baada ya vitenzi ndipo nilipogeukia tahajia na alama za juu, nikilinganisha nakala iliyochapwa na ile ya mkono. Sentensi ya kwanza ilikuwa imechapwa hivi:

Hier, les pécheurs (vendre) ______ du poisson sale au marche.

Nakala ya mkono ilikuwa na les pêcheurs, du poisson salé na au marché: "Jana wavuvi waliuza samaki wa chumvi sokoni." Iliyochapwa inasema kwamba jana wenye dhambi waliuza samaki mchafu, kisha inaishia kwenye neno ambalo ni "mwendo" au "anatembea", si soko. Pêcheur yenye kofia ni mvuvi, na pécheur yenye mkwaju ni mtenda dhambi. Kwa mji unaoishi kwa dagaa na migebuka, sentensi hiyo ingezunguka shuleni muhula mzima.

Palikuwa pia na mére badala ya mère na trés badala ya très, kwa kuwa mchapaji alikuwa na alama moja tu ya kutumia. Makosa hayo mawili ni mabaya kwa macho lakini hayana hatari kubwa, kwa sababu mére na trés si maneno ya Kifaransa, na msomaji hawezi kuyachukua kuwa kitu kingine.

Mwisho ilikuja Sehemu C. Mwalimu alikuwa ameandika aya hii, na makosa matano aliyoyapanda kwa makusudi ni a né, a Ujiji, sont allé, a quitter na est mouru:

Livingstone a né en Écosse en 1813. En 1871, Stanley est arrivé a Ujiji. Les deux hommes sont allé au nord du lac. Stanley a quitter Livingstone, dont la santé était fragile, en 1872. Livingstone est resté en Afrique et il est mouru en 1873.

Iliyochapwa ilikuwa na Ecosse bila alama, est arrive, est reste, na mahali pa dont palikuwa na don't, kwa kuwa programu ya kuandikia ilidhani mchapaji amekosea neno la Kiingereza na ikalirekebisha yenyewe. Wakati huo huo sont allé ilikuwa imesahihishwa kuwa sont allés kwa kalamu nyekundu na mwenzetu wa idara, ambaye aliona kosa na kulifuta bila kujua kwamba lilipandwa. Kwa hiyo aya iliyoagiza makosa matano yatafutwe ilikuwa na manne yaliyobaki kati ya yaliyokusudiwa, pamoja na manne mapya. Mwanafunzi ambaye angegundua arrive, reste, don't na mengine mawili angekuwa amefanya kazi nzuri, kisha angepata alama mbili kati ya tano.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuitoa sentensi ya tisa ya mjomba na magunia. Mwalimu hakukubali mara moja. Alisema sentensi ni nzuri na wanafunzi wengine wangeiweza. Hoja yangu ilikuwa kwamba darasa halijafundishwa tofauti hiyo, na sentensi moja ya namna hiyo kati ya kumi haipimi ujuzi wowote: anayefuata alichofundishwa hukosa, na anayebahatisha hupata. Tulikubaliana iwe Mon oncle (descendre) à Kigoma, ambayo jibu lake est descendu ni sahihi, na ile ya magunia ihifadhiwe kwa somo litakalofuata.

Uamuzi wa pili ulihusu sentensi zenye majibu zaidi ya moja. Sentensi ya sita iliuliza Vous (venir) en train ? na majibu yakaandika êtes venu pekee. Vous inaweza kuwa mwanamume mmoja anayeheshimiwa, mwanamke mmoja, kundi la watu au kundi la wanawake, kwa hiyo venu, venue, venus na venues zote ni sahihi. Tuliongeza neno moja mwishoni, Madame, na jibu likabaki venue tu. Sentensi ya saba, Je (aller) à Ujiji, haikuhitaji kubadilishwa, bali majibu ndiyo yaliyohitaji: msichana anayeandika je suis allée hajakosea, na mvulana anayeandika je suis allé hajakosea. Iliandikwa kwenye majibu kwamba yote mawili yapokelewe. Nimeona karatasi nyingi ambazo husahihishwa kana kwamba "je" ni mwanamume daima, na wasichana hukatwa alama kwa kujua sarufi vizuri zaidi.

Uamuzi wa tatu ulihusu kofia. Mwalimu alikuwa amesikia kwamba tahajia mpya iliondoa kofia, na alitaka kujua kama pêcheurs na pecheurs si kitu kimoja tu siku hizi. Marekebisho ya tahajia yaliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa tarehe 6 Desemba 1990 yaliruhusu kofia iondolewe juu ya i na u katika maneno mengi, kwa hiyo naître na naitre, août na aout, zote zinakubalika. Hayakugusa kofia iliyo juu ya e, a wala o, na hata juu ya u yaliibakiza pale inapotenganisha maneno, kama dû, mûr na sûr. Pêcheur inabaki na kofia yake. Kwa naître tulichagua umbo lenye kofia, si kwa sababu lingine ni kosa, bali kwa sababu vitabu walivyonavyo wanafunzi vinaandika hivyo na karatasi moja haifai kuwa na tahajia mbili. Mwanafunzi atakayeandika naitre hatakatwa.

Vivyo hivyo É ya Écosse ilirudishwa. Wachapaji wengi, hata huko Ufaransa, huacha alama juu ya herufi kubwa, lakini Akademia ya Ufaransa inaziona alama hizo kuwa sehemu kamili ya tahajia, na zaidi ya hapo, katika aya inayowataka watoto wawinde makosa, herufi yenye mashaka haina nafasi. Sœur pia iliandikwa kwa herufi iliyounganishwa, ingawa hakuna atakayedaiwa kuiandika hivyo kwa mkono.

Uamuzi wa nne ulikuwa kuiandika Sehemu C upya kuanzia mwisho. Badala ya kusahihisha makosa yasiyotakiwa na kuacha yanayotakiwa, tuliandika aya yote ikiwa sahihi kabisa, tukaihakiki kama matini ya kawaida, kisha tukapanda makosa matano juu yake, kila moja likiwa limezungushiwa duara na kupewa namba kwenye nakala kuu ya mwalimu. Mhakiki anayefuata akikuta kosa lisilo na duara analifuta bila kuuliza, na akikuta lenye duara analiacha.

## Kurudi steshenari

Suala la vitendo lilikuwa namna ya kupata alama kwenye kompyuta isiyo na kibodi ya Kifaransa. Njia inayojulikana ya kubonyeza Alt na namba, kama Alt+0233 kwa é, haikufanya kazi kwa sababu kompyuta ilikuwa mpakato isiyo na safu ya namba upande wa kulia. Tulitumia njia za mkato za programu ya Word yenyewe, nazo niliziandika kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa pembeni ya kioo:

```
Ctrl + '  kisha e            é
Ctrl + `  kisha e au a       è  à
Ctrl + Shift + ^  kisha e    ê
Ctrl + ,  kisha c            ç
```

Mchapaji alizishika baada ya mistari michache. Tulimwomba pia achague maandishi yote na kuyawekea lugha ya Kifaransa katika sehemu ya kuhakiki, na mara moja don't iliyobaki mahali pamoja, pamoja na mére na trés, zikapigwa mstari mwekundu huku maneno mengine yakinyamaza.

Ukubwa wa herufi uliongezwa hadi 14. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya 11, na nakala iliyotolewa kutokana na nakala nyingine ilionyesha é na è kama doa moja lisilo na upande. Katika somo ambalo alama ndiyo inayotahiniwa, karatasi ambayo haionyeshi alama inaelekea wapi haifai kugawiwa.

## Matokeo

Karatasi iligawiwa kwa mikondo yote miwili. Hakuna mwanafunzi aliyerudi na swali kuhusu maana ya sentensi, na idadi ya makosa ya Sehemu C iliafiki agizo. Katika usahihishaji, a Ujiji ndilo kosa lililopita bila kuonekana na wengi zaidi, nalo est mouru ndilo lililokamatwa na wengi, jambo linaloeleweka kwa kuwa mouru husikika vibaya masikioni ilhali a na à hutamkwa sawasawa.

Tatizo lilijitokeza mahali ambapo uhakiki haukuwa umefika. Wanafunzi kadhaa waliweka juu ya e mstari uliolala, usiopanda wala kushuka, na mwalimu hakuwa na kanuni ya kuusahihisha. Wengine walifanya hivyo kwa haraka. Wengine, nina shaka, walifanya kwa werevu, ili msahihishaji aone alama anayoitaka. Mwalimu alinifuata katikati ya kazi akiwa na rundo la madaftari. Tuliamua kwamba mwishoni mwa kitenzi, ambako umbo timilifu la -er haliwezi kuwa na alama nyingine isipokuwa é, mstari uliolala upewe nusu ya alama, kwa kuwa mwanafunzi ameonyesha kwamba anajua umbo analolitaka. Katika neno kama pêcheur au mère, ambako aina ya alama ndiyo swali lenyewe, usipewe kitu. Uamuzi huo ulichelewa, na madaftari yaliyokwisha kusahihishwa ilibidi yafunguliwe tena.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni mpangilio wa hatua. Ombi lilikuwa "tazama herufi", na mtu angeweza kupita na kalamu akirudishia mikwaju na kofia zilizoanguka. Lakini katika wakati huu wa Kifaransa alama ya juu mara nyingi si suala la tahajia, ni suala la kitenzi. Huwezi kujua kama arrive inahitaji alama mpaka ujue kama mbele yake kuna kisaidizi. Huwezi kujua kama a ni kitenzi avoir au ni kihusishi à mpaka ujue kitenzi cha sentensi kiko wapi. Anayeanza na alama atarudishia é kwenye mange iliyotakiwa kubaki bila alama, na ataiacha a manger kwa sababu haina herufi iliyopungukiwa kitu. Anayeanza na vitenzi, akiandika juu ya kila kimoja kiima chake na kisaidizi chake, hukuta kwamba sehemu kubwa ya alama zimejipanga zenyewe kabla hajaziangalia.

Usomaji wa kwa sauti ulishindwa, na ulikuwa lazima ushindwe. Ni njia nzuri ya kukagua matini ya Kiswahili, kwa kuwa sisi tunaandika tunavyotamka. Katika Kifaransa, -er, -é, -ée, -és na -ées ni sauti moja, na kadiri msomaji anavyokuwa fasaha ndivyo sikio lake linavyomhakikishia upesi kwamba kila kitu ni sawa. Kwa mwalimu aliyejifunza kwa kusikia, jaribio lililomsaidia ni la kubadilisha kitenzi: ondoa kitenzi cha -er na uweke vendre mahali pake. Ikiwa sentensi inataka vendre, andika -er. Ikiwa inataka vendu, andika -é. Papa a vendu inakubalika, Papa a vendre haikubaliki, kwa hiyo ni a acheté. Sikio lake, ambalo halikuweza kutofautisha acheter na acheté, lilitofautisha vendre na vendu papo hapo. Jaribio hilo lina mpaka wake: linamwambia kama ni umbo timilifu, lakini halimwambii kama linahitaji e au s ya upatanisho. Kwa hilo hakuna njia isipokuwa kurudi kwenye kiima.

Kikagua tahajia cha kompyuta kilisaidia mahali ambapo msaada haukuhitajika sana. Kilikamata mére, trés na don't, makosa ambayo jicho lolote lililosoma Kifaransa lingeyaona. Hakikusema lolote kuhusu pécheurs, sale na marche, kwa kuwa yote ni maneno halali. Naona hatari yake ilikuwa kubwa zaidi baada ya kuwekewa Kifaransa kuliko kabla: ukurasa mwekundu wote haumdanganyi mtu, bali ukurasa uliotulia wenye mistari mitatu humfanya mwenye karatasi aamini kwamba amebakiza makosa matatu. Maneno ya namna hii, pamoja na ou na où, sur na sûr, jeune na jeûne, hayana budi kuorodheshwa na kutafutwa moja moja kwa macho, na nakala ya mkono ikiwa pembeni.

Uhakiki wa mwenzetu wa idara unafundisha jambo jingine. Alichofanya kilikuwa sahihi kwa sarufi na kibaya kwa karatasi. Hakuwa na namna ya kujua, kwa kuwa kosa lililopandwa na kosa lililoteleza havina tofauti yoyote ya sura. Hata mimi, bila nakala ya mkono na bila mwalimu kuketi nami, ningezifuta a quitter na est mouru kwa furaha. Zoezi la kutafuta makosa lisipoambatana na orodha yake haliwezi kuhakikiwa na mtu mwingine.

Kuhusu sentensi ya mjomba na magunia, bado sina hakika kwamba kuiondoa kulikuwa bora kuliko kuiacha na kuifundisha kwanza. Mwalimu aliifundisha majuma machache baadaye akitumia kushuka na kushusha, kupanda na kupandisha, na darasa likaielewa katika kipindi kimoja. Karatasi inayofuata, ambayo rasimu yake ninayo, ina les poissons que maman a achetés, ambapo umbo timilifu linapatana na yambwa iliyotangulia ingawa kisaidizi ni avoir, na kwenye majibu yaliyoandikwa kwa mkono s ya mwisho haimo.